Shukrani kwa kina mama walionifunda, Limbani, Wete

Assalaam alaykum. Picha hizi ni za Jumamosi jioni, uwani kwa Bibi, na atakayezitazama ataona kanga za sare, vikuba vya asumini na mrehani, visheti na mabirika ya kahawa, lakini hatoona hata picha moja ya mafunzo yenyewe, kwa sababu Somo yangu alipoingia alipitisha chano, akataka kila simu iwekwe humo, kisha akakifunika kwa kawa. Nilimshukuru siku ile na ninamshukuru tena hapa, maana kina mama wasingesema waliyoyasema mbele ya kamera.

Shukrani za kwanza ni zake Somo, aliyenisinga kwa singo aliyoitwanga mwenyewe, akaniketisha juu ya mbuzi nikune nazi mbele ya wifi zangu wote. Nilipokamua kifumbu kwa papara, aliishika mikono yangu akaniongoza polepole mpaka kasimile ikatoka nzito, huku akinieleza namna ya kuzungumza na mume aliyerudi kazini amechoka. Yale mengine aliyonifunda chumbani, mlango ukiwa umefungwa, yatabaki baina yetu.

Shangazi alinikumbusha kuwa mahari ni haki yangu mimi mwenyewe, si ya wazazi wala ya mume, na akanitaka niendelee na kazi yangu ya ushoni na niwe na akiba yangu. Mama Mkubwa hakukubaliana naye sana kuhusu akiba. Yeye aliona mke asifiche fedha ndani ya nyumba yake. Walijadiliana kwa heshima, kila mmoja akitoa mifano ya maisha yake, na kwa kweli mjadala ule ulinifaa kuliko nasaha ambazo wote wangeziitikia kwa pamoja. Nimeamua kuweka akiba, na mume wangu ataijua.

Bibi alizungumza kidogo tu. Alisema kwamba nikiona ninapigwa au ninadhalilishwa nisikae nikasitiri, nirudi nyumbani, mlango wake uko wazi. Mama alilia, nami nikalia.

Ninawashukuru pia mama mkwe, aliyekuja kutoka Chake Chake akaketi mkekani pamoja nasi bila ya kutaka kiti, majirani waliopika tangu alfajiri, na mashoga zangu walionipaka hina na piko. Mwenyezi Mungu awalipe kheri nyote.

Akdi itakuwa Ijumaa hii baada ya sala ya Alasiri, Inshaallah. Ambaye kinu chake bado kiko kwetu naomba aje akichukue kabla ya siku hiyo, na mwenye picha nilizopigwa bila ya mtandio tafadhali asizitume popote.