Ripoti ya Chanzo cha Tatizo: Sili ya Pampu P-204B Kuvuja Mara Tatu

Kifaa: pampu ya kuzungusha maji ya moto, mota ya kilowati 30, mizunguko 2,950 kwa dakika, maji nyuzi 95 za Selsiasi.
Waliochunguza: msimamizi wa matengenezo, mafundi mitambo wawili, opereta wa zamu, mhandisi wa mchakato.

Kilichotokea

Sili ya kwanza ilidumu saa 2,900, ya pili 610, ya tatu 340. Pampu pacha, P-204A, ina sili ya aina hiyo hiyo, inasukuma maji hayo hayo, na imepita saa 14,000 bila kuvuja. Kwa hiyo dai kwamba "sili za siku hizi ni mbovu" tuliliweka kando mapema.

Sili zote tatu zilikuwa bado stoo, na hilo limetusaidia kuliko kitu kingine chochote. Sili huzuia maji yasitoke kando ya shafti kwa nyuso mbili, mmoja wa kaboni na mwingine mgumu, zenye utando mwembamba wa maji kati yake. Uso wa kaboni umemomonyoka kingoni, uso mgumu una nyufa nyembamba zinazotoka katikati kwenda nje, na oringi zimekauka na kukakamaa. Hizo ni dalili za nyuso kusuguana bila utando wa maji kati yake.

Mchoro wa mifupa ya samaki

Kichwa cha samaki: "Sili ya P-204B inaungua kabla ya wakati." Kila mfupa ni kundi la sababu zinazowezekana, na ulipimwa kwa ushahidi, si kwa kura.

- *Watu:* sili zilifungwa na mafundi wawili tofauti, na matokeo yakawa yale yale. Umefutwa.
- *Mashine:* mpangilio wa kaplingi 0.04 mm, kuyumba kwa shafti 0.02 mm (kikomo chetu ni 0.05), mtetemo 2.1 mm/s. Umefutwa.
- *Vipuri:* namba za sili na aina ya mpira zinalingana na za P-204A. Umefutwa.
- *Kimiminika:* shinikizo kwenye chumba cha sili ni bar 0.4 juu ya la hewa, ambapo maji huchemka kwenye nyuzi 109 hivi. Tuna nafasi ya nyuzi 14 tu kabla ya mvuke. Umebaki.
- *Vipimo:* hakuna geji kabla wala baada ya chujio la upande wa kuvuta. Umebaki.
- *Mbinu ya kazi:* kadi ya kazi inasema "badilisha sili", basi. Umebaki.

Mfupa wa kimiminika ndio uliotupa njia. Pampu ikiwa kazini, tulipima kwa kipimajoto cha mbali kibomba kinachochukua maji upande wa kusukuma na kuyapeleka kuosha sili. Kwenye P-204A kilikuwa nyuzi 92. Kwenye P-204B kilikuwa 61, ilhali mwili wa pampu ni 94. Maji hayakuwa yakipita.

Kwa nini tano

1. *Kwa nini sili ilivuja?* Maji kati ya nyuso yaligeuka mvuke, nyuso zikasuguana kavu na kupasuka.
2. *Kwa nini yaligeuka mvuke?* Maji ya kuosha sili yalikatika, joto la msuguano likakosa wa kuliondoa. Kibati chenye kitundu cha 3 mm kwenye kibomba cha kuosha kilizibwa na magamba ya kutu.
3. *Kwa nini magamba yalifika hapo?* Wavu wa chujio umechanika.
4. *Kwa nini ulichanika?* Ulijaa uchafu hadi tofauti ya shinikizo ikaupasua. Haujasafishwa tangu ufungwe.
5. *Kwa nini haukusafishwa?* Chujio hilo liliongezwa bomba la P-204B lilipojengwa upya, na halimo kwenye ratiba ya matengenezo. Fomu ya mabadiliko hufungwa baada ya jaribio la shinikizo; haidai kifaa kipya kisajiliwe.

Tungesimama kwenye jibu la tatu, tungenunua wavu mpya na kurudi hapa baada ya miezi kadhaa.

Kuna tawi la pembeni. Sili ya pili na ya tatu ziliwekwa kwenye pampu ambayo kitundu chake kilikuwa tayari kimezibwa, ndiyo maana umri wake ulishuka ghafla. Mafundi walifanya kile kadi ilichoandika. Kadi ndiyo pungufu.

Hatua

- Kusafisha kibomba na kibati, kubadilisha wavu na sili: fundi mitambo, kabla pampu haijawashwa.
- Kufunga geji mbili kwenye chujio. Opereta asome kila zamu na chujio lisafishwe tofauti ikifika bar 0.2: msimamizi wa matengenezo, siku 14.
- Kuongeza kwenye kadi ya sili "fungua na upulize kibomba cha kuosha": mpangaji kazi, siku 7.
- Kurekebisha fomu ya mabadiliko isifungwe bila sahihi ya mpangaji kwamba vifaa vipya vimesajiliwa. Kisha kukagua mabadiliko yote ya mwaka uliopita: mhandisi wa mchakato, siku 30.

Faili hili litafungwa P-204B ikimaliza saa 4,000 bila kuvuja. Ikivuja kabla ya hapo, isifunguliwe mpaka joto la kibomba lipimwe pampu ikiwa inazunguka, na sili itakayotolewa isitupwe.