Mfumo wa Masurufu: Mwongozo wa Kuomba na Kurejesha

Kuanzia Jumatatu, mhasibu hapokei tena fomu za karatasi za masurufu. Mwongozo huu umeandikwa kwa mtu anayesafiri kesho alfajiri na hana wa kumuuliza. Ufuate skrini ikiwa mbele yako.

Kuingia

Kwenye ukurasa wa kwanza wa tovuti ya ndani, bonyeza Masurufu. Weka namba ya ajira iliyo kwenye kitambulisho chako; nywila ni ile ya barua pepe ya kazini. Ukiikosea mara 3 akaunti inajifunga. Subiri dakika 15, itafunguka yenyewe.

Kuomba

1. Bonyeza Ombi Jipya, kisha chagua Safari au Ununuzi.
2. Andika kila gharama kwenye mstari wake. "Nauli Morogoro–Dodoma, kwenda na kurudi" inakubalika. "Gharama mbalimbali" itarudishwa.
3. Kiasi ni tarakimu tupu, bila mkato wala "Sh". Laki moja na nusu ni `150000`.
4. Bonyeza Tuma. Lazima uone namba ya ombi, kwa mfano `MS-0147`. Usipoiona, ombi halijaenda. Liko kwenye Rasimu, lifungue ulitume tena.

Ombi likiandikwa Limerudishwa, soma maelezo yaliyo kwenye kisanduku cha njano, kisha bonyeza Rekebisha kwenye ombi hilohilo. Tafadhali usianzishe jipya: mfumo utayahesabu kuwa madai mawili na kuyazuia yote.

Kurejesha

Una siku 7 baada ya safari. Zikipita, huwezi kuomba masurufu mengine.

Hapa risiti ndiyo kila kitu. Piga picha ya risiti ya EFD siku hiyohiyo uliyopewa, kwa sababu maandishi ya karatasi ile hufifia, na kwenye joto la dashibodi ya gari hufifia upesi zaidi. Ikunjue, iweke juu ya meza, picha ioneshe TIN ya muuzaji, tarehe, saa, jumla, na namba ya uhakiki iliyo chini. Ukiwa na shaka nayo, ihakiki kwenye `verify.tra.go.tz` kabla hujaondoka dukani: weka namba hiyo na saa iliyochapwa. Muuzaji akiwa bado yuko mbele yako, kosa hurekebishika.

Bodaboda na mama lishe hawatoi risiti ya EFD, nasi tunalijua hilo. Chagua Hakuna Risiti, andika huduma, mahali na kiasi. Mwisho ni `20000` kwa siku. Usitafute risiti ya duka lingine ili kujazia.

Fedha ikibaki, iweke benki kwenye akaunti ya ofisi na upakie hati ya benki chini ya Bakaa. Ukiwa umetumia zaidi, pakia risiti zote. Mfumo utakokotoa tofauti na kuipeleka kwa mkuu wa idara aidhinishe, bila wewe kuomba upya.