Prompti ya picha: boksi la sabuni za mwani limefunguliwa, tishu pepa na vikadi ndani

Nitengenezee picha ya bidhaa inayoonekana imepigwa na kamera kabisa, siyo mchoro wala 3D, ya boksi la sabuni ambalo mteja amelifungua sasa hivi tu. Sabuni zinatengenezwa Zanzibar kwa mwani na viungo, na mtu akiiona picha ajisikie kama ndo anafungua la kwake.

Boksi ni la kadibodi ya kahawia isiyopakwa rangi, sm 20 kwa 12, kina sm 6, kifuniko chake kimeshikana na boksi kwa nyuma na kimesimama wazi kikilala nyuma kidogo. Kingo za kadibodi zionyeshe yale mawimbi ya ndani pale ilipokatwa. Lisiwe na mkwaruzo ila lisiwe pia limenyooka kupita kiasi, limesafiri kwenye boti hilo.

Sasa tishu pepa, hapa naomba umakini maana ndo roho ya picha. Namaanisha ile karatasi nyembamba ya kufungia zawadi na viatu vipya, siyo ya chooni wala ya kufutia mikono. Rangi krimu, shiti mbili. Zimetoka chini ya sabuni zikapanda kwenye kuta za boksi, kisha zimefunuliwa, upande mmoja umemwagika nje kwa mbele na mwingine umelala kulia, na mikunjo iwe midogo midogo na mikali, karatasi hii haikunjiki kama kitambaa. Palipo na shiti moja kahawia ya boksi ionekane kwa mbali, palipokunjwa mara mbili pawe peupe zaidi. Stika ya duara ya kijani iliyokuwa imefunga tishu imebaki kwenye ncha ya upande wa mbele, na imeng'oka na kijipande cha karatasi ya upande wa pili, kuonyesha kuna mtu ameifungua kwa mkono.

Ndani kuna sabuni 3 zimepangana upande kwa upande juu ya karatasi ya kahawia iliyokatwakatwa. Kila moja sm 7 kwa 5, unene sm 2.5, imekatwa kwa mkono kwa hiyo kingo zisilingane sana. Ya kushoto ni mwani na karafuu, kahawia iliyoiva, ya kati mwani na mchaichai, kijani kilichofifia, ya kulia mwani na mdalasini, rangi ya mchanga wenye chembe nyekundu nyekundu. Zote ziwe kavu, hazing'ai, hazina povu. Kila moja ina mkanda wa karatasi nyeupe katikati, mtupu.

Vikadi ni viwili tu. Kadi ya asante, sm 10 kwa 7, imeegemea kifuniko kwa ndani, ina pindo la nakshi za kanga ya kisutu, yaani nyekundu, nyeusi na nyeupe, katikati iache nyeupe tupu. Karatasi ya maelekezo imekunjwa mara moja na nusu yake imeingia chini ya tishu upande wa kulia. Usiandike neno lolote popote, wala herufi za kubuni, jina na logo nitaweka mwenyewe.

Nje ya boksi kushoto weka karafuu kavu chache, zenye kichwa cha duara na vijino vinne, na kishada kimoja cha mwani mkavu. Mwani wetu ni spinosum, huu unaolimwa na kina mama wa Paje na Jambiani, una matawi membamba ya duara yenye vimiiba, ukikauka unakuwa wa zambarau iliyochujuka na chumvi nyeupe juu yake. Usiniletee ule wa majani mapana wa kijani. Na usiongeze maua, mshumaa, ganda la nazi wala taulo, mteja hapati hivyo vitu kwenye mzigo wake na sitaki aone kitu akakikosa.

Chini ni meza ya mbao nyepesi iliyotumika, nyuma ukuta wa chokaa nyeupe wenye mabonde mabonde kidogo. Mwanga wa dirisha wa asubuhi unatoka kushoto, vivuli vyote viende kulia na viwe laini. Kamera ipo mbele, imeinama kama nyuzi 45, lenzi ya 50mm, f/5.6, fokasi iwe kwenye sabuni ya kati na stika, ukuta uwe na ukungu kidogo. Rangi za asili, usiongeze unjano wa jioni. Mikono isiwepo.

Uwiano 4:5 kwa ajili ya Insta, pikseli 1080 kwa 1350, boksi likae theluthi mbili za chini na juu paachwe ukuta mtupu wa kuwekea maandishi. Nipe 4, kitu pekee kinachobadilika kati yao kiwe jinsi tishu ilivyofunuliwa.