Kusawazisha Milinganyo ya Kemia kwa Shanga
Somo la Kidato cha Pili, Wete, Pemba. Vipindi viwili mfululizo, dakika 80.

Kaeni wanne wanne, kila kundi na sinia lake. Kwenye sinia mna kikombe cha shanga, na vipande vya mshipi wa kuvulia vyenye urefu wa kidole. Kabla hamjatunga chochote, hesabuni: nyeupe 12, nyekundu 10, nyeusi 4, buluu 2, kahawia 4. Andikeni hesabu hiyo juu ya ukurasa wa daftari. Mwisho wa somo shanga zitarudi kwangu idadi ile ile, na katikati ya somo hesabu hiyo ndiyo itakayowaambia kama mmepatia au mmekosea.

Kila ushanga ni atomi moja. Nyeupe ni haidrojeni (H), nyekundu ni oksijeni (O), nyeusi ni kaboni (C), buluu ni naitrojeni (N). Rangi hizi nne hatukuzibuni sisi. Ndizo wanakemia wanazotumia katika vielelezo vyao nchi nyingi. Kahawia tumeipa chuma (Fe) kwa sababu ya kutu, basi. Mtu asiondoke hapa akidhani atomi ya oksijeni ni nyekundu. Atomi moja peke yake haina rangi ya kuonwa kwa macho.

Shanga zilizotungwa kwenye kipande kimoja cha mshipi tutaziita kitungo. Kitungo kimoja ni molekuli moja. Usifunge fundo, pinda ncha za mshipi tu, maana vitungo hivi tutavifumua.

Maji

Tungeni kitungo cha haidrojeni: nyeupe mbili. Tungeni na cha oksijeni: nyekundu mbili. Viwekeni upande wa kushoto wa sinia. Gesi hizi mbili ukizichanganya na kuziwasha, zinalipuka na kuwa maji. Tunaandika hivi kwanza, bila kujali hesabu:

H₂ + O₂ → H₂O

Sasa fumueni vitungo vyote viwili, na kwa shanga hizo hizo tungeni maji upande wa kulia: nyeupe, nyekundu, nyeupe. Msichukue ushanga mwengine kikombeni.

Kimebaki nini? Ushanga mwekundu mmoja, hauna pa kwenda. Hapa ndipo kila darasa linapogawanyika, na nataka mkae hapa kidogo kabla ya kuendelea.

Wapo watakaosema: tuutie humo humo kwenye kitungo cha maji, kiwe na nyekundu mbili. Hesabu itakubali. Kushoto nyeupe mbili na nyekundu mbili, kulia vivyo hivyo. Lakini tazama ulichotunga: H₂O₂. Hayo si maji tena. Hiyo ni haidrojeni peroksidi, ile dawa inayotoa povu ukiitia kwenye kidonda, na ikiwa kali inababua ngozi. Umesawazisha hesabu, ila umebadilisha kitu. Mlinganyo ulisema maji, wewe umemletea mtu dawa ya vidonda anywe.

Wengine watasema: tuutupe. Hauwezi kutupwa. Mfaransa Antoine Lavoisier alipima vitu kabla na baada ya kuungua ndani ya vyombo vilivyofungwa, na katika kitabu alichokichapisha mwaka 1789 alieleza kwamba uzito unaoingia ndio unaotoka. Kuni zikiungua jivu huwa jepesi kuliko kuni, kweli, lakini ni kwa kuwa sehemu kubwa imeondoka ikiwa gesi na mvuke. Haikupotea, imepaa.

Njia iliyobaki ni moja: huyo mwekundu atafutiwe haidrojeni ya kumtosha. Anataka nyeupe mbili. Leteni kitungo kingine kizima cha haidrojeni, mkiweke kushoto, mkifumue, mtunge maji ya pili. Sasa kulia mna vitungo viwili vya maji na hakuna kilichobaki. Hesabuni vitungo, si shanga, mwandike:

2H₂ + O₂ → 2H₂O

Nimesema kitungo kizima kwa makusudi. Huruhusiwi kuleta ushanga mmoja mmoja, kwa sababu gesi ya haidrojeni haiji atomi moja moja. Inakuja mbili mbili. Oksijeni na naitrojeni za hewani nazo ni hivyo hivyo.

Namba kubwa na namba ndogo

Namba ndogo iliyokaa chini inahesabu shanga ndani ya kitungo kimoja. Namba kubwa iliyo mbele inahesabu vitungo. Ya chini ni mali ya kitu chenyewe, huigusi. Ya mbele ndiyo unayoruhusiwa kuibadilisha. Kazi yote ya kusawazisha ni kucheza na namba za mbele.

Jaribuni kwa haraka: 3H₂O ina shanga nyeupe ngapi? Sita. Nyekundu? Tatu, kwa sababu namba ya mbele inakizidisha kitungo chote, si herufi ya kwanza tu. Anayejibu "nyeupe sita, nyekundu moja" avitunge vitungo vitatu vya maji, ahesabu mwenyewe.

Amonia

N₂ + H₂ → NH₃

Buluu mbili, nyeupe mbili. Fumueni mtunge amonia: buluu moja na nyeupe tatu. Hazitoshi hata kwa kitungo kimoja! Mara hii tatizo ni upungufu, si mabaki. Buluu ziko mbili, kwa hiyo lazima vitoke vitungo viwili vya amonia, na hivyo vinataka nyeupe sita, yaani vitungo vitatu vya haidrojeni:

N₂ + 3H₂ → 2NH₃

Mmenyuko huu ndio unaotumika viwandani kupata amonia ya kutengenezea mbolea kama yurea.

Jikoni

Makaa tuyahesabu kuwa kaboni tupu, ingawa yana vyengine kidogo. Yakipata hewa ya kutosha:

C + O₂ → CO₂

Tungeni. Nyeusi moja, nyekundu mbili, na kulia ni hizo hizo. Umekwisha sawa wenyewe. Usiutie namba kwa sababu tu swali limesema "sawazisha".

Hewa ikiwa haba, kila kaboni inapata oksijeni moja tu, na inatoka CO, kaboni monoksidi:

C + O₂ → CO

Nyekundu moja imebaki. Mkishawishika kuitia kwenye kitungo, mtakuwa mmerudi kwenye CO₂, nasi tunasema habari za CO. Leteni nyeusi ya pili: 2C + O₂ → 2CO. Ushanga mmoja tu ndio unaotofautisha vitungo hivi viwili, lakini CO haina rangi wala harufu na inaua watu waliolala. Jiko la makaa halilali chumbani na milango imefungwa, hata siku za kipupwe. Mkawaambie na nyumbani.

Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Tuanze na propani, C₃H₈:

C₃H₈ + O₂ → CO₂ + H₂O

Huu unawatisha wengi, na hofu inatokana na kuanza na oksijeni. Oksijeni iko kulia katika vitu viwili, ukiigusa mwanzo itakuzungusha mpaka kengele ilie. Iacheni ya mwisho. Fumueni propani: nyeusi tatu, nyeupe nane. Kila nyeusi inatoa kitungo kimoja cha CO₂, kwa hiyo vitatu. Nyeupe nane zikigawiwa mbili mbili zinatoa maji manne. Sasa ndipo mhesabu nyekundu zinazotakiwa kulia: vitungo vitatu vya CO₂ vinataka sita, maji manne yanataka nne, jumla kumi. Kumi ni vitungo vitano vya oksijeni:

C₃H₈ + 5O₂ → 3CO₂ + 4H₂O

Nyekundu zenu zote kumi zimetumika. Kundi litakalobakiwa na moja au kupungukiwa, lihesabu upya nyeupe kwanza. Aghalabu kosa liko hapo.

(Kitungo chetu cha propani kimenyooka kama tasbihi, lakini molekuli ya kweli haikukaa hivyo, haidrojeni zimeizunguka kaboni pande zote. Mshipi unatusaidia kuhesabu, hautuoneshi umbo.)

Kutu

Kutu ya kweli ina maji ndani yake, tutaiandika kwa njia nyepesi:

Fe + O₂ → Fe₂O₃

Metali hazina vitungo, kwa hivyo chuma kinakuja ushanga mmoja mmoja. Shida iko kwa oksijeni: kushoto inakuja mbili mbili, kulia inatakiwa tatu tatu. Ongezeni taratibu mpaka zikutane. Nyekundu mbili hazitoshi, nne zinabakisha moja, sita zinaingia sawa: vitungo vitatu kushoto, viwili vya kutu kulia. Kutu mbili zina chuma nne.

4Fe + 3O₂ → 2Fe₂O₃

Aliyesoma vigawe vya namba kwenye hisabati ameshaona kwamba sita ndiyo kigawe kidogo cha shirika cha mbili na tatu. Anaweza kuruka hatua za kujaribu, lakini awaoneshe wenzake kwa shanga kwa nini.

Kazi

Kwa shanga, hapa darasani:

a) CH₄ + O₂ → CO₂ + H₂O
b) H₂O₂ → H₂O + O₂
c) NO + O₂ → NO₂

Kwa kalamu tu:

d) CaCO₃ → CaO + CO₂. Hili ni tanuu la chokaa: mawe ya matumbawe yanachomwa, gesi inaondoka, chokaa inabaki. Kuta za Mji Mkongwe zimejengwa kwa chokaa ya namna hii. Angalieni vizuri kabla ya kuandika namba yoyote.

e) Na + Cl₂ → NaCl. Msije mkasema chumvi ya mashamba ya Pemba inapatikana kwa mmenyuko huu. Pale jua linakausha maji tu, chumvi ilikuwemo baharini.

f) C₄H₁₀ + O₂ → CO₂ + H₂O. Hii ni butani. Shanga zenu hazitoshi, ndiyo maana nimeiweka ya mwisho. Mtafika mahali oksijeni itatakiwa vitungo sita na nusu. Nusu ya kitungo haipo. Zidisheni kila kitu kwa mbili.

Majibu ya kujisahihishia, namba za mbele kwa mpangilio kutoka kushoto: a) 1, 2, 1, 2. b) 2, 2, 1. c) 2, 1, 2. d) 1, 1, 1. e) 2, 1, 2. f) 2, 13, 8, 10. Namba moja haiandikwi kwenye mlinganyo wenyewe.

Mtihani utauliza kwa Kiingereza, lakini fomula ni hizi hizi, hazibadiliki. Fumueni vitungo vyote, hesabuni shanga kwa rangi, mlinganishe na hesabu mliyoandika juu ya ukurasa, kisha kiongozi wa kundi alete sinia mezani. Nyeupe zinapenda kubingirika chini ya madawati, zitafuteni kabla ya kutoka.