Saa yenye mkia: kusoma saa darasa la pili kwa karatasi ya kukata

Walimu wenzangu mliniomba hii karatasi baada ya kile kikao cha Wete, basi naiweka yote hapa, na namna nnavyoitumia, manake ukiitoa fotokopi tu ukawagawia watoto bila ya kujua kwanini mkono mmoja una mkia utaniona mie ndo nimekosea kuchora.

Sote tumesomeshwa saa hivi: mwalimu anachora duara ubaoni, anaweka namba, anasema mkono mfupi masaa mkono mrefu dakika, khalafu mkono mfupi upo kwenye 7 anauliza saa ngapi, mtoto kwa akili yake timamu anajibu saa saba, anaambiwa hapana, ni saa moja. Sasa mtoto wa miaka saba umfanye nini hapo. Namba anaiona kwa macho yake, 7 ile pale, wewe unamwambia moja. Wengine tunawaambia "toa sita", na wengine hawa kutoa sita kwenye saba wanaweza lakini ikifika 2 wanakwama, mbili utoe sita, hapo unaambiwa "basi hapo ujumlishe", na somo la saa lishakuwa somo la hesabu na nusu ya darasa washatizama dirishani.

Mie nilichokiona ni kuwa mtoto hahitaji kutoa wala kujumlisha, anahitaji kutizama ng'ambo ya pili. Saba ng'ambo yake moja, nane ng'ambo yake mbili, kumi ng'ambo yake nne. Watu wazima ndo tunavosoma, hakuna anaekaa kutoa sita akiulizwa saa njiani. Kwahivo nkaufanya mkono mfupi uwe na mkia, unapita katikati ya saa na kutokea upande wa pili, mkia nkaupaka rangi nyekundu. Kichwa kipo kwenye 7, mkia upo kwenye 1, mtoto anasoma mkia. Basi.

Vifaa. Darasa langu watoto 58, mikasi kenda, na katika hiyo kenda miwili haikati kitu. Kwahivo duara nawakatia mie nyumbani siku moja kabla, wanangu wananisaidia, watoto wa darasani wanakata mikono tu kwasababu mikono ina mistari iliyonyooka na mtoto wa miaka saba duara analifanya kama embe. Boksi za tambi zinatosha kwa kubandikia nyuma, gundi ya unga wa ngano uliopikwa mzito. Pini za kufungua miguu sijaziona dukani hapa, tunatumia uzi wa kushonea kofia, fundo mbele fundo nyuma, tundu unatoboa kwa sindano nene au mwiba wa mdimu. Fundo ukilikaza sana mikono haizunguki, ukililegeza inaanguka yote kwenye 6 kila saa ikawa hiyohiyo, jaribu moja kwanza.

Karatasi yenyewe ndo hii, nimeiandika kama wanavopewa watoto:

SAA YANGU

Jina langu: andika hapo juu kwenye mstari.

Una duara moja. Likunje katikati. Likunje tena. Lifungue. Umeona mistari minne imekutana katikati? Hapo ndipo pa kutoboa, mwite mwalimu.

Mwisho wa mstari wa juu andika 12. Wa chini andika 6. Wa kulia andika 3. Wa kushoto andika 9. Sasa jaza zilizobaki, mbili kila pembe: 1 na 2, 4 na 5, 7 na 8, 10 na 11.

Kata mkono mrefu. Huu hauna mkia. Huu ni wa dakika.

Kata mkono mfupi. Huu una kichwa na mkia. Mkia upake nyekundu. Huu ni wa saa.

Weka mkono mfupi chini, mrefu juu yake, mwalimu atafunga uzi.

Sasa tengeneza saa hizi kisha mwoneshe mwenzio:

Juma kaamka saa 12 kamili asubuhi.
Kengele ya skuli imelia saa 1 unusu.
Tumetoka kwenda kula vitumbua saa 4 kamili.
Baba karudi kuvua saa 5 kasorobo.
Tumekwenda chuoni saa 8 na robo mchana.

Nyuma ya karatasi kuna saa tatu zilizochorwa bila mkia. Chora mkia kwa penseli nyekundu, kisha andika ni saa ngapi.

Mwisho wa karatasi ya mtoto.

Vipimo vyangu: duara upana wake sentimita 16, mkono mrefu 7, mfupi kichwa 4 na mkia 4, yani sentimita 8 kwa jumla na tundu katikati kabisa. Kichwa nimekichongea ncha na mkia nimeuacha butu, usichonge kotekote, mwaka wa mwanzo nlichonga kotekote na rangi ilipofutika ikawa vurugu.

Ile kukunja mara mbili usiipite haraka. Pale ndo unapata nusu na robo bila ya kuhubiri. Ukilikunja mara moja unawaonesha hii nusu, mkono mrefu ukitoka 12 ukafika 6 umemaliza nusu ya duara, ndo "unusu" tunayosema. Ukilikunja tena ikawa robo, kama robo ya bofulo, mkono mrefu ukifika 3 umekula robo. Na kasorobo ni robo moja iliyobaki haijaliwa. Nimeona watoto ambao wiki nzima kasorobo imewashinda wakaishika hapohapo kwa kukunja karatasi.

Mie nafanya vipindi vinne. Siku ya kwanza kukata, kukunja na saa kamili tu, mkono mrefu umelala kwenye 12 hauguswi. Siku ya pili unusu. Ya tatu robo. Kasorobo peke yake siku yake, usiichanganye na robo siku moja utajuta. Dakika tano tano mie nangoja mpaka wawe wanahesabu kwa tano vizuri, hakuna haraka.

Sasa kosa kubwa, na hili sijaliona limeandikwa popote pale, nimeliona kwa macho tu. Mtoto akishajua kutizama ng'ambo, anatizama ng'ambo kwa mikono yote miwili. Mkono mrefu upo kwenye 6, yeye anaruka ng'ambo anakuta 12, anakwambia "kamili". Mrefu upo kwenye 3 anaruka anakuta 9, anasema kasorobo. Na ukimsikiliza vibaya utadhani hajui robo na kasorobo kumbe anajua sana, ila keshauvusha mkono usiovuka. Ndo maana mrefu hauna mkia. Nawaimbisha, mfupi una mkia, mrefu hauna mkia, wanapiga makofi, jirani yangu wa darasa la tatu keshalalamika mara mbili kwa makelele lakini makosa yamepungua.

Kosa la pili ni kwenye unusu. Saa 1 unusu mtoto anaweka mkia kwenye 1 barabara na mrefu kwenye 6, na sisi walimu wengi tunampa vema. Sio vema hiyo. Nusu saa imeshapita, mkia lazima uwe umetoka kwenye 1 uko njiani kwenda 2, katikati yao. Ukimpa vema leo, kesho akitizama saa ya kweli akaona mkono uko kati ya namba mbili atakuuliza tushike ipi. Jibu ni ile uliyokwishaipita. Nawaambia mkia ni kama gari ya Chake kwenda Wete, ikishapita kituo hata kama inakaribia kingine bado hujafika kingine. Ukiwa kati ya 12 na 1 hapo ndo wanabishana sana kwasababu wanataka namba ndogo, waambie iliyopitwa, sio ndogo.

Majibu kwa mwalimu, nisije nkasahau. Saa 12 asubuhi kichwa kwenye 6, mkia kwenye 12, na mrefu pia kwenye 12, hapo mkono mrefu unaufunika mkia na watoto watapiga kelele "mwalimu mkia umepotea!", waache wauinue waukute chini yake, wanafurahi. Saa 1 unusu kichwa kati ya 7 na 8, mkia kati ya 1 na 2, mrefu 6. Saa 4 kamili kichwa 10, mkia 4, mrefu 12. Saa 5 kasorobo mkia unakaribia 5 haujafika, kichwa kinakaribia 11, mrefu 9. Saa 8 na robo kichwa kimeipita 2 kidogo, mkia umeipita 8 kidogo, mrefu 3. Zile tatu za nyuma nimechora saa 3 kamili, saa 6 unusu na saa 10 na robo.

Kuna watakaouliza kwanini saa zetu ziko ng'ambo. Nawaambia tu sisi tunahesabu tangu kulipokucha, jua likishatoka ikipita saa moja ndo saa moja, na hapa kwetu karibu na ikweta jua linatoka karibu wakati uleule mwaka mzima. Namba za saa zinaanza kuhesabiwa usiku wa manane watu wamelala. Mtoto mmoja akasema "sasa nani alikuwa macho akahesabu", sikuwa na jibu.

Wale wanaomaliza mapema nawapa vita vya 1896, vya Waingereza na kasri ya sultani pale Mjini, tarehe 27 Agosti. Inavyosimuliwa sana ni kuwa mizinga ilianza saa 3 na dakika 2 asubuhi ikanyamaza saa 3 na dakika 40, kwahivo mrefu utoke pembeni ya 12 kidogo ufike 8, wahesabu. Dakika 38. Wanakataa, wanasema kipindi chetu kirefu kuliko hivyo vita.

Mkia uondoeni wiki ya tatu. Nnaukata kwa mkasi mbele yao, mmoja mmoja, na wanatizama palepale ulipokuwa. Wengine wanaweka kidole, waacheni na kidole chao.

Juzi mmoja kaja asubuhi kakasirika, kasema kenda kwa babu yake Kojani kutizama saa ya ukutani, kaangalia ng'ambo kakuta saa saba na babu yake kamcheka kasema ni saa moja. Nkamuuliza mkono mfupi wenyewe ulikuwa wapi. Kwenye moja, akasema. Nkamwambia saa ya babu yako keshaigeuza mwenyewe, ile usitafute mkia, isome kichwa. Kanitizama kidogo, khalafu akauliza, "kwani saa ya skuli hamwezi kuigeuza?"