YAH: MAPENDEKEZO YA KAZI NYEPESI KWA BW. HAMISI OMARI, MPAKIAJI MIZIGO

Kliniki ya Mifupa na Viungo
Temeke, Dar es Salaam
5 Novemba 2024

Kwa: Meneja Rasilimali Watu
Ghala la Vifaa vya Ujenzi
Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Bw. Hamisi, mwenye umri wa miaka 38, ni mgonjwa wangu tangu 18 Oktoba 2024. Ameridhia nikuandikie kuhusu mgongo wake na mambo yanayogusa kazi yake. Mengine ya matibabu yanabaki kwenye faili lake.

Alhamisi ya 17 Oktoba, akishusha saruji kwenye lori, alijipinda na mfuko wa kilo 50 ukiwa begani, na kiuno kikamkaza papo hapo. Vipimo vinaonyesha misuli na kano za mgongo wa chini zilivutika. Hana ganzi, miguu ina nguvu zake zote, haja anazipata bila shida, na picha ya eksirei haikuonyesha mfupa uliovunjika. Ni jeraha linalopona, ila kwa kuharakishwa hurudi upya.

Leo amefika anatembea vizuri, akaketi bila kushikilia meza. Lakini nilipomwomba avue viatu, hakuinama: alisukuma kisigino cha kimoja kwa ncha ya kingine. Hapo ndipo alipofikia. Anaweza kufanya kazi, ila hawezi bado kuinama na kunyanyua.

Mapumziko niliyompa yanaisha 8 Novemba na sikusudii kuyaongeza. Mgongo wa namna hii hupona vizuri zaidi mtu akijishughulisha kwa kiasi kuliko akilala nyumbani. Kwa hiyo napendekeza arudi kazini Jumatatu, 11 Novemba, kwa kazi nyepesi hadi Ijumaa, 6 Desemba 2024.

Wiki mbili za kwanza asinyanyue kitu kinachozidi kilo 5, na asiokote chochote sakafuni. Kuanzia 25 Novemba anaweza kufika kilo 10, mzigo ukiwa usawa wa kiuno na karibu na mwili. Muda wote huo asibebe begani, asivute wala kusukuma toroli lenye mzigo, asipande ngazi na kitu mkononi. Foklifti nayo aiache kwa sasa, maana mtikisiko wake kwenye sakafu yenye mashimo unafika moja kwa moja kiunoni.

Ninachohofia zaidi ni kwamba kazi nyepesi mara nyingi huishia kuwa kiti cha getini kutwa nzima. Kwa mgongo huu hiyo si nyepesi hata kidogo. Kila baada ya nusu saa hivi abadilishe mkao: aliyekaa asimame, aliyesimama atembee kidogo. Kuhesabu mzigo unaoingia na kutoka, kukagua stakabadhi za madereva, kuandika daftari la stoo, au kumwelekeza mpakiaji mgeni namna ya kupanga mifuko, hayo yote anayaweza. Ameniambia zamu yenu ni ya saa 8. Wiki ya kwanza ingefaa afanye saa 6, kisha arudi kwenye zamu kamili.

Atahitaji ruhusa Jumanne na Ijumaa asubuhi kwa ajili ya mazoezi ya viungo hapa kliniki. Anaanza saa 2:00, na saa 4:00 anaweza kuwa ameshafika kazini. Dawa anayokunywa usiku huleta usingizi. Nimemwelekeza ainywe mapema ili asubuhi awe mzima.

Naomba pia msimamizi wake wa zamu aione barua hii, si ibaki kwenye faili tu. Lori likiwa limekaa foleni, ni rahisi mtu kuambiwa "shika huu mmoja tu", na Hamisi si mtu wa kukataa. Aliniuliza mara mbili kama nafasi yake itachukuliwa. Neno moja kutoka kwako litamtuliza kuliko dawa yangu.

Kwa kuwa aliumia akiwa kazini, kama taarifa bado haijapelekwa kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, naomba ipelekwe. Sehemu ya fomu inayomhusu daktari nitaijaza siku hiyo hiyo itakapoletwa.

Nitampima tena Alhamisi, 5 Desemba, nikuandikie kama yuko tayari kurudi kwenye upakiaji Jumanne ya tarehe 10, baada ya sikukuu ya Uhuru. Kabla ya hapo, akipata ganzi, mguu ukilegea, au mkojo ukisumbua, aachie kazi na aletwe hospitali mara moja bila kusubiri miadi. Na kama kazi za namna niliyotaja hazipatikani ghalani, tafadhali nijulishe kwa simu iliyo kwenye muhuri kabla ya Jumatatu, ili nimwongezee mapumziko badala ya kumrudisha kwenye mifuko.

Wako katika huduma,

Dkt. Neema Joseph
Daktari wa Mifupa na Viungo

Nakala: Bw. Hamisi Omari