Aya ya mjadala ya ripoti ya pendulamu, imeandikwa upya

Wenzangu,

Nimeipitia sehemu ya mjadala nikiwa na majedwali yetu matatu na grafu mkononi. Aya tuliyokuwa nayo ilisomeka hivi:

"Matokeo yanaonyesha wazi kwamba urefu wa uzi huathiri sana kipindi cha pendulamu. Tungamo na pembe hazina athari yoyote. Thamani ya g tuliyoipata inakaribiana na ile inayokubalika. Tofauti ndogo zilizojitokeza zilitokana na makosa ya kibinadamu na upepo."

Msomaji akiuliza "mmejuaje?", aya hiyo haina jibu hata kwa sentensi moja, ilhali majibu karibu yote tumeyaandika wenyewe kwenye majedwali. Sentensi ya pembe ndiyo iliyonisumbua zaidi, kwa sababu vipimo vyetu vinaikataa. Napendekeza tuweke hii badala yake:

"Kipindi kiliongezeka kila urefu wa uzi ulipoongezwa: kutoka sekunde 0.90 kwa sm 20 hadi sekunde 2.01 kwa sm 100 (Jedwali la 1). Ongezeko hilo halikwenda sambamba na urefu wenyewe. Urefu ulipokuwa mara nne, kutoka sm 20 hadi sm 80, kipindi kilikaribia tu kuwa mara mbili, kutoka sekunde 0.90 hadi 1.79. Hilo linalingana na kanuni T = 2π√(L/g), na grafu ya T² dhidi ya L inaliunga mkono: nukta zote tano ziko karibu na mstari mmoja ulionyooka, wenye mtelemko wa 4.03 s²/m (Mchoro wa 1). Kutokana na mtelemko huo, g = 4π²/4.03, yaani takriban 9.8 m/s², sawa na thamani inayokubalika ikiandikwa kwa tarakimu mbili.

Hatukuona athari ya tungamo kati ya gramu 50 na 200. Kwa uzi wa sm 60, wastani wa muda wa mibembeo 10 ulikuwa sekunde 15.61, 15.57 na 15.60 kwa gramu 50, 100 na 200 (Jedwali la 2). Wastani hizo zinapishana kwa sekunde 0.04 tu, wakati vipimo vitatu vya tungamo moja, gramu 100, vilipishana kwa sekunde 0.18.

Pembe, kwa upande wake, ilionyesha athari. Kwa uzi uleule na tungamo la gramu 100, mibembeo 10 ilichukua wastani wa sekunde 15.57 kwa pembe ya 10° na sekunde 16.19 kwa 45°, ongezeko la takriban asilimia 4 (Jedwali la 3). Kipimo cha chini kabisa cha 45°, sekunde 16.12, kinazidi kile cha juu kabisa cha 10°, sekunde 15.66. Kanuni tuliyoitumia inafaa kwa pembe ndogo pekee, kwa hiyo g imekokotolewa kwa vipimo vya 10°.

Vipimo vilitawanyika zaidi kwenye uzi mfupi. Kwa sm 20, mibembeo 10 ilichukua sekunde 8.89, 9.02 na 9.21, tofauti ya asilimia 3.5 ya wastani. Kwa sm 100 tofauti ilikuwa asilimia 0.7 (Jedwali la 1). Hali hiyo inaendana na uwezekano wa kuchelewa au kuwahi kubonyeza stopwochi, kwa kuwa sehemu ileile ya sekunde huwa na uzito mkubwa zaidi muda mzima ukiwa mfupi."

Mtaona nimeandika "hatukuona athari" ya tungamo, sikuandika "haina athari yoyote". Tumejaribu tungamo tatu na urefu mmoja. Vipimo vyetu vinabeba kauli ya kwanza, vya kauli ya pili hatuna. Vivyo hivyo kwa stopwochi: mtawanyiko tumeupima, chanzo chake hatukukipima, ndiyo maana nimeishia kwenye "uwezekano".

Upepo nimeuondoa kabisa. Hakuna mahali kwenye daftari la maabara tulipoandika kwamba dirisha lilikuwa wazi au kwamba pendulamu iliyumba pembeni. Kama kuna aliyeiona ikiyumba, aniambie ni kwenye kipimo kipi, nami nitairudisha ikiwa na namba ya kipimo hicho.

Jambo moja bado linahitaji mkono: Jedwali la 3 lina pembe mbili tu, kwa hiyo hatuwezi kusema athari inaanza kuonekana wapi kati ya 10° na 45°. Vifaa bado viko mezani. Tukipima 20° na 30° kwa uzi uleule wa sm 60, mara tatu kila pembe, aya ya pembe itaongezewa sentensi moja na jedwali mistari miwili kabla ya kukabidhi.